Mali Kauli na Kiingilio: Tofauti ya Muuzaji wa Kampuni na Mtego wa Upatu

(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Ushirika mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Kaniha)



Katika ukaguzi wangu wa hivi karibuni nilikuta barua ndani ya jalada la chama kimojawapo. Barua hiyo ilitoka kwa mawakala wa kampuni inayouza vidonge na unga wa lishe. Walimwomba katibu akate shilingi 480,000 katika malipo ya mazao ya kila mwanachama atakayejiandikisha kuwa muuzaji wao. Katibu alikuwa hajajibu. Aliniuliza: "Mzee, hii ni biashara au ni wizi?" Nilimwambia kwamba swali lake linahitaji jibu refu, nami nimekuja kulitoa mbele yenu nyote.

Kuuza bidhaa za kampuni si kosa. Mama anayechukua katoni mbili za sabuni kwa mwenye duka la jumla, akazitembeza mnadani, kisha akarudisha fedha na kubaki na faida yake, anafanya kazi halali. Sisi tunaiita mali kauli: mali hutangulia na fedha hufuata. Asipouza, hurudisha katoni. Hata pale anapotakiwa kuweka dhamana kidogo, dhamana hiyo huandikiwa stakabadhi naye huirudishiwa. Faida yake ni ndogo, na wala haulizwi ameleta watu wangapi. Huulizwa ameuza sabuni ngapi.

Sasa tuitazame ile kampuni ya barua. Mama mmoja, mwanachama wa chama kingine, alikuwa amekwisha kuingia. Aliniruhusu nifungue daftari lake, mradi nisimtaje jina. Alilipa 480,000 akapewa makopo kumi na mawili, na nauli ya kuyafuata ilimgharimu 25,000. Kampuni ilimwambia auze kila kopo kwa 40,000. Kwa miezi mitatu hakupata hata mnunuzi mmoja kwa bei hiyo, kwa kuwa unga wa namna ile ile dukani ulikuwa chini ya nusu yake. Mwishowe aliuza makopo mawili kwa 15,000 kila moja. Lakini alifaulu kuwaingiza ndugu zake wawili, na kwa kila mmoja alipewa zawadi ya 60,000.

Tufunge hesabu kama tufungavyo mwisho wa msimu. Zilizotoka ni 505,000. Zilizoingia ni 30,000 za makopo na 120,000 za zawadi, jumla 150,000. Hasara ni 355,000, na makopo kumi yamo chini ya kitanda. Tazameni vizuri: katika kila shilingi tano alizopata, nne zilitoka mifukoni mwa ndugu zake, na moja tu ndiyo iliyotoka kwa mlaji. Ndugu hao walilipa 960,000. Yeye alirudishiwa 120,000. Zilizobaki, 840,000, zilipanda juu kwa watu ambao hajapata kuwaona. Hapo ndipo nilipotambua kwamba kopo lilikuwa kisingizio, na kwamba kilichouzwa hasa ni kiingilio.

Kwa nini biashara ya namna hii lazima ianguke, hata kama waanzilishi wake wangekuwa watu wema? Chukueni mtu mmoja aliyeagizwa kuleta watatu. Watatu hao wataleta tisa, na tisa wataleta ishirini na saba. Endeleeni hivyo; hatua ya nane peke yake itahitaji watu 6,561. Waliotangulia wote, tangu yule wa kwanza, ni 3,280 tu. Maana yake, siku watu wanapokwisha, wawili katika kila watatu wamelipa na hawana wa kumleta. Ugonjwa huu haumo katika uvivu wa muuzaji, kama mawakala wanavyopenda kusema. Umo katika hesabu yenyewe.

Wenye kumbukumbu watakumbuka DECI. Huko hapakuwa na kopo wala sabuni; watu waliambiwa wapande mbegu ya fedha, wangoje, wavune. Waliotangulia walivuna kweli, na mavuno yao ndiyo yaliyowavuta wengine. Mwaka 2009 Serikali iliingilia kati, na viongozi wake wakafikishwa katika Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, wakishtakiwa kuendesha upatu na kupokea amana za watu bila leseni. Hukumu ilitoka mwaka 2013. Sheria yetu ya Kanuni ya Adhabu inakataza upatu wa namna hiyo. Tusiuchanganye na upatu wa kina mama wa kijijini, ambao watu kumi hujuana, hutoa sawa, na kila mmoja hupokea kwa zamu kile alichotoa. Ule una mwisho. Huu hutafuta watu wapya kila siku.

Mtaniuliza: je, ziko kampuni zinazomlipa muuzaji kwa mauzo ya wale aliowaingiza, nazo zikawa halali? Ziko. Mwaka 1979 Tume ya Biashara ya Marekani iliamua kwamba kampuni ya Amway si upatu, ingawa wauzaji wake huingiza wauzaji wengine. Ilitazama mambo ya kawaida kabisa: hakuna malipo kwa kuleta mtu tu, muuzaji alitakiwa awe ameuza asilimia 70 ya mali yake kabla ya kuagiza nyingine, alitakiwa awe na wateja wa kweli, na aliyejitoa aliweza kurudisha mali ikanunuliwa. Kwa hiyo msihukumu kwa jina wala kwa umbo. Hukumuni kwa mahali fedha zinapotoka.

Wakala akija, katibu amwulize mambo matatu, na majibu yaandikwe. Kwanza, nikileta mtu asiyenunua kopo lolote kwa ajili ya kuliuza, nitalipwa? Pili, nikishindwa kuuza, mtapokea mali na kunirudishia kiasi gani, na ahadi hiyo imeandikwa wapi? Tatu, je, mtu asiye na nia ya kuwa muuzaji angenunua kitu hiki kwa bei hii? Swali la tatu msimwachie wakala alijibu. Nendeni dukani mkalinganishe bei. Akiwaonyesha hati ya usajili, ipokeeni kwa heshima, lakini jueni kwamba hati hiyo husema tu kuwa jina limeandikishwa. Haisemi kwamba biashara ni halali, wala haitoi ruhusa ya kukusanya amana.

Nimalizie na ile barua. Fedha za mazao ni za mkulima. Chama hakina kazi ya kumkusanyia mwingine kiingilio. Makato yasifanyike kwa barua ya wakala, na ofisi ya chama isitumike kwa mikutano yao, maana wanachama wakiona meza ya katibu wataamini kwamba chama kimedhamini. Mawakala hawa huja majuma ya malipo kwa sababu wanajua ni lini mkulima ana fedha mkononi. Na katika Kagera yetu tunaijua butura: mtu huuza kahawa ingali ua. Yule mama aliniambia kwamba nusu ya kiingilio chake aliipata hivyo. Msimu umefika, na kahawa iliyoiva shambani mwake huchumwa na mtu mwingine.

Katibu aliyeniuliza aliirudisha barua bila kukata hata senti moja.