Barua ya Vitasa Janja: Mpangaji Aelezwe Ufunguo Kwanza



Mada yangu inahusu karatasi moja tu: barua ambayo mwenye nyumba huwaandikia wapangaji anapong'oa vitasa vya zamani na kufunga vitasa janja, vile vya kubonyeza namba, kugusisha kadi au kufungua kwa simu. Barua za namna hii mara nyingi huanza na sifa za kitasa kipya, zikaendelea na maelezo ya kupakua programu ya simu, na ufunguo wa kawaida ukatajwa mwishoni kwa sentensi moja kwamba upo ofisini kwa dharura. Naona mpangilio huo ugeuzwe. Mpangaji ataitafuta barua hii usiku kitasa kimegoma, naye amesimama nje na mtoto amelala begani. Wakati huo sifa hazimsaidii. Anataka kujua tundu la ufunguo liko wapi.

Suala hili limeshafika mahakamani. Wapangaji wa jengo moja la Manhattan, New York, walimshtaki mwenye nyumba aliyefunga kitasa janja kwenye mlango mkuu. Baadhi yao walikuwa wazee ambao hawakuweza kutumia simu janja, na wengine hawakutaka kampuni itunze kumbukumbu za kuingia na kutoka kwao. Shauri liliisha kwa makubaliano mwaka 2019, na mwenye nyumba akakubali kuwapa funguo za kawaida. Mwaka 2021 jiji hilo likatunga sheria inayomtaka mwenye jengo lenye milango ya aina hii awaeleze wapangaji kwa lugha nyepesi ni taarifa gani zinakusanywa, na apate ridhaa yao.

Kabla ya kuandika, ni lazima mwandishi aelewe ufunguo unafanya nini ndani ya kitasa. Katika vitasa vingi vya mlango wa fleti, mota ni ndogo sana na haivuti ulimi. Unapobonyeza namba sahihi, mota huunganisha tu mkono wa mlango na ulimi, kisha nguvu ya mkono wako ndiyo inayofungua. Ndiyo maana betri nne ndogo za AA zinaweza kukaa miezi kadhaa. Ufunguo wenyewe hupitia silinda na kuusukuma ulimi moja kwa moja, bila umeme wowote. Kwa hiyo umeme wa mtaani ukikatika kitasa cha fleti hakidhuriki, kwa kuwa kinategemea betri. Mlango wa geti wenye sumaku ni tofauti: sumaku hiyo hushika kwa umeme, na isipokuwa na betri ya akiba huachia umeme unapokatika. Kama jengo lina vyote viwili, barua ivitenganishe.

Sasa tuchukue mfano wa fleti ya ghorofa ya tatu katika mji wa pwani. Kwa wiki mbili kitasa kimekuwa kikilia na kuwasha taa nyekundu kila mlango unapofunguliwa. Mpangaji amezoea mlio huo, na hakuna aliyemwambia kuwa maana yake ni betri kuisha. Usiku mmoja anabonyeza namba, taa haziwaki. Anatoa ufunguo, lakini haoni tundu, kwa sababu limefichwa nyuma ya kifuniko kidogo chini ya mkono wa mlango. Akilipata, ufunguo unaingia nusu na kukwama, kwa kuwa tangu kitasa kifungwe haujawahi kutumika, na hewa ya chumvi ya pwani imeshaingia kwenye silinda. Hapo hasira ni kwa mwenye nyumba, na fundi anaitwa kuvunja mlango mzima kwa tatizo la betri.

Barua ifuatayo ingemwokoa.

"Ndugu mpangaji,

YAH: KUBADILISHWA KWA KITASA CHA MLANGO WAKO

Jumamosi ijayo fundi atafunga kitasa kipya kwenye mlango wako. Utakabidhiwa funguo mbili za kawaida siku hiyohiyo, nawe utazijaribu mbele yake. Funguo hizo zinafungua mlango wakati wote, hata betri zikiwa zimeisha kabisa. Tundu liko chini ya mkono wa mlango. Telezesha kifuniko pembeni, ingiza ufunguo hadi mwisho, uzungushe kulia, kisha ushushe mkono. Ufunguo mmoja usiuache ndani ya nyumba. Mpe ndugu au mtu unayemwamini.

Pia unaweza kuingia kwa namba ya siri utakayoichagua mwenyewe, au kwa kadi. Simu janja si lazima, na kodi yako haitaongezeka kwa ajili ya kitasa hiki.

Kitasa kikilia na kuwasha taa nyekundu, betri zinaisha. Nipigie nami nitaleta betri mpya. Zikiisha ghafla na huna ufunguo, gusisha betri ya volti 9 kwenye vinundu viwili vilivyo chini ya kitasa, kisha ubonyeze namba yako.

Kitasa hiki huhifadhi saa ambayo namba au kadi imetumika. Sitasoma kumbukumbu hizo bila kukujulisha. Mimi nina ufunguo mmoja wa akiba. Sitautumia kuingia kwako bila taarifa na ridhaa yako, isipokuwa kuna moto au maji yanafurika."

Nataka tuzitazame sentensi chache. Nimeandika "uzungushe kulia" kwa kitasa ninachokidhania. Vingine huzunguka kushoto, na vingine havina vinundu bali tundu la chaja ya simu. Hivyo jaribuni kitasa kimoja kabla ya kuandika. Fungeni mlango mtu akiwa ndani, toeni betri zote, fungueni kwa ufunguo kutoka nje. Rudieni komeo la ndani likiwa limezungushwa, na rudieni tena ufunguo mwingine ukiwa umeachwa ndani kama silinda ina tundu pande zote mbili. Baadhi ya silinda hukataa kabisa katika hali hiyo ya mwisho, na ikiwa yenu ni mojawapo, barua iseme wazi kwamba ufunguo usiachwe upande wa ndani.

Betri anunue mwenye nyumba. Nne za alkalini hutoa volti 6. Zile za kuchaji hutoa kama volti 4.8 tu, na kitasa kinaweza kudhani zimekwisha zikiwa bado mpya. Betri za bei ya chini huvuja na kuharibu vyuma vya ndani. Silinda itiwe unga mkavu wa grafiti, si mafuta, kwa sababu mafuta hunasa vumbi. Na kila betri zinapobadilishwa, ufunguo uzungushwe mara moja.

Jambo zito zaidi ni mpangaji anapohama. Mwenye nyumba hufuta namba yake na kadi yake kwenye programu, akaona kazi imekwisha. Namba ikifutwa, ufunguo haufutiki. Aliyehama akichongesha nakala, nakala hiyo bado inafungua, na katika vitasa vingi mlango uliofunguliwa kwa ufunguo hauachi kumbukumbu yoyote. Mwizi akiingia hivyo, orodha ya kwenye simu itaonyesha kwamba hakuna aliyeingia, na mpangaji mpya ataonekana mwongo. Silinda ibadilishwe kila mpangaji anapohama, na mpangaji anayeingia aandikiwe kwenye barua yake kwamba imebadilishwa.

Naomba kila mmoja wetu, kabla ya kusaini barua yake, amtafute mtu asiyewahi kukiona kitasa hicho, amweke nje ya mlango ambao kitasa chake hakina betri, akiwa na ufunguo na barua tu. Akishindwa kuingia, barua iandikwe upya.