Mtoto Amefukuzwa Masomoni: Mzazi, Andika Kwanza, Usiende Kugomba

Leo tunazungumza juu ya mtoto aliyesimamishwa masomo kwa siku fulani, na namna mzazi anavyoweza kuomba wakubwa wa masomo waangalie tena azimio hilo. Watu wa ofisi wanaita kitendo hicho rekuru. Sisi tuseme tu: rufani.

Tuchukue mfano. Upande wa Kabambare, mtoto wa miaka 15 anasoma sekondari ya kanisa. Siku ya Jumanne amepigana na mwenzake uwanjani. Siku ya Jumatano prefe anamwambia abaki nyumbani wiki mbili. Yule mwenzake yuko darasani kama kawaida. Jioni majirani wanaanza kusema: “Unaona? Yule ni wa kabila la prefe.” Baba anasikia, anaita wajomba wawili, wanataka kwenda wote watatu nyumbani kwa prefe usiku ule.

Ndugu yangu baba, ngoja kidogo. Ukifika pale na wajomba na sauti kubwa, habari haitakuwa tena ya mtoto wako. Itakuwa ya koo mbili. Na kesho prefe ataandika kwamba familia ilikuja kumtisha, na karatasi hiyo itatangulia barua yako katika kila ofisi utakayopita.

Asubuhi, uende shuleni wewe peke yako, ama na mtu mmoja wa komite ya wazazi. Salimia, kaa, kisha omba mambo mawili tu. La kwanza, omba azimio lenyewe kwa maandishi, lenye tarehe, sababu na hesabu ya siku. La pili, omba kusoma kanuni ya ndani ya shule, yaani regleman, mahali panapoandikwa azabu za kosa hilo. Usibishane siku hiyo. Ukiambiwa hakuna karatasi, shukuru, rudi nyumbani, uandike katika kaye yako: siku gani, saa ngapi, nani alikujibu, alisema nini.

Sasa tazama ulichopata na ujiulize maswali matatu. Je, mtoto aliulizwa aeleze mambo yake mbele ya kuazibiwa? Je, azabu hii iko katika kanuni, na siku zake hazipiti zile zilizoandikwa? Je, aliyeamua ndiye mwenye uwezo wa kuamua, ama ilipaswa kupita kwanza katika baraza la nidhamu la walimu? Rufani yenye nguvu inasimama juu ya maswali haya. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 mwezi wa 1, mwaka 2009, juu ya kulinda mtoto, inasema kwamba faida ya mtoto itangulie katika kila azimio linalomhusu, na kwamba mtoto mwenye akili ya kupambanua anayo haki ya kutoa mawazo yake. Kwa hiyo, kama mtoto hakusikilizwa, hilo ni jambo la kuandika.

Barua ya kwanza inakwenda kwa prefe mwenyewe. Wengi wanaruka hatua hii, wanakwenda moja kwa moja kwa mkubwa. Lakini mkubwa atauliza: “Prefe alikujibu nini?” Tena, mtu akipewa nafasi ya kurekebisha azimio lake bila kuaibishwa, mara nyingi anarekebisha. Ofisi zetu zinaandikiana kwa Kifaransa. Kama hukijui, tafuta mtu akuandikie, lakini mwambie asiongeze maneno makali yake. Ukurasa mmoja unatosha. Iseme hivi:

“Bwana Prefe, mimi ni mzazi wa mwanafunzi fulani, wa darasa fulani. Tarehe fulani amerudishwa nyumbani kwa siku 14 kwa sababu ya kupigana. Sikatai kwamba alipigana, na nyumbani tumemkemea. Lakini hakuulizwa kabla ya azimio, na sikuona katika kanuni azabu ya siku 14. Ninaomba asikilizwe, na siku zipunguzwe kufuatana na kanuni. Kama azimio linabaki, ninaomba apewe masomo na interro atakazokosa. Pokea heshima zangu.”

Angalia yale ambayo hayamo. Hakuna neno “kabila”. Hakuna “unamchukia mtoto wangu”. Hakuna kuomba yule mwenzake afukuzwe naye. Hilo la mwisho linauma, ninajua. Unaweza kuandika kwa ukweli kwamba watoto wawili walipigana na mmoja tu ameazibiwa, kisha ukauliza sababu. Lakini ukiomba mtoto wa mwingine aazibiwe, umefungua kesi na familia nyingine, na huyo prefe hawezi kuifunga. Omba kitu cha mtoto wako.

Andika kopi mbili. Moja inabaki shuleni. Ya pili inarudi kwako na tarehe, sahihi ya aliyepokea, na kashe ya shule. Hiyo ndiyo akize. Bila akize, kesho watasema hawakuona barua yoyote.

Prefe akikataa, ama siku zikipita bila jibu, panda ngazi moja. Shule ya serikali yenyewe iko chini ya Su-Proved wa mahali. Shule ya konvansione, ikiwa ya Katoliki, ya Protestanti, ya Kimbangu ama ya Kiislamu, iko pia na koordinasyo yake. Kwa hiyo andikia koordinateri, na kopi kwa Su-Proved. Juu yao kuna Proved wa Maniema 2, mwenye ofisi yake Kasongo mjini. Kila barua mpya ibebe kopi ya barua zilizotangulia na akize zake. Kwa mtu wa Kabambare safari ya Kasongo ni gharama; basi maliza kwanza ngazi za karibu.

Sasa niseme na mipaka yake. Barua peke yake haisimamishi azabu. Mpaka jibu litoke, mtoto abaki nyumbani na daftari zake. Ukimsukuma aingie darasani kwa nguvu, unampa kosa la pili. Tena, azabu ya siku 3 itaisha kabla ya jibu kufika. Hapo andika tu ikiwa unataka isibaki katika faili yake. Lakini ikiwa amefukuzwa kabisa, usipoteze hata siku moja, na katika barua hiyo hiyo omba buletini na karatasi za kuhamia shule nyingine, ili mwaka wake usife hata kama rufani inakataliwa.

Na mtoto wa shule ya msingi ya serikali akirudishwa kwa sababu ya deni la minerval, hiyo si nidhamu. Katiba ya mwaka 2006, artikli 43, inasema masomo ya msingi ni ya bure katika shule za serikali, na jambo hilo lilianza kutekelezwa mwaka 2019. Hapo barua yako ni fupi zaidi: taja artikli, taja tarehe aliyorudishwa, omba arudi kesho.

Turudi kwa baba wa Kabambare. Wajomba wake wawili bado wako mlangoni. Awaambie wakae, awashe taa, mmoja amsaidie kukumbuka tarehe, wa pili atafute karatasi.