Mteja Anapoomba Marejeo Nawe Hujahudumia Wengi Kama Yeye

Mada kwa semina ya watoa huduma wa mifumo ya hesabu kwa vyama vya ushirika

1. Utangulizi

Waandaaji wameomba mada hii igusie maana ya marejeo, umuhimu wake na namna ya kuyatumia katika mauzo. Maana tunaijua sote: ni wateja wa zamani ambao mteja mtarajiwa anaweza kuwauliza kuhusu kazi yetu. Umuhimu nao hauna ubishi. Kwa hiyo nitajikita kwenye swali moja linalozikwamisha kampuni changa mwaka hadi mwaka: bodi ya SACCOS inapotaka majina ya SACCOS tatu zinazotumia mfumo wako, nawe huna hata moja, unajibu nini?

2. Kinachoulizwa hasa

Bodi ya SACCOS inasimamia fedha za wanachama, nayo hujibu mbele ya mkutano mkuu na mbele ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Mfumo ukikosea salio la mwanachama, anayelaumiwa kwanza ni mwenyekiti, si aliyeuuza. Ombi la marejeo kwa hiyo ni la haki, na muuzaji anayelichukulia kama dharau huharibu mazungumzo mwenyewe. Lakini ndani ya ombi hilo moja mna hofu tatu tofauti. Ya kwanza, je, mfumo unazijua hesabu zetu? Ya pili, ukikwama siku ya kufunga mwezi, mtapatikana? Ya tatu, je, ninyi ni watu wa kuaminika? Mteja wako ambaye ni SACCOS huzijibu zote kwa simu moja, ndiyo maana bodi inamtaka yeye. Asipokuwepo, hofu hizo zinaweza kutenganishwa na kila moja ikapewa ushahidi wake. Hiyo ndiyo hoja yangu yote. Kosa ninaloliona likirudiwa ni kutoa jibu moja la jumla, kwamba tuna uzoefu wa kutosha katika sekta mbalimbali. Jibu hilo haliondoi hofu hata moja.

3. Mfano

Tuchukue kampuni yenye wateja watatu: maduka mawili ya jumla na AMCOS moja ya wakulima. Inaombwa marejeo na SACCOS ya walimu. Kwa haraka utaona hakuna kinachofanana. Ukiitazama kazi yenyewe badala ya jina la taasisi, picha inabadilika. AMCOS hukata mkopo wa pembejeo kwenye malipo ya mazao ya kila mkulima, na SACCOS ya walimu hupokea makato ya mishahara kutoka kwa mwajiri. Ugumu wa kazi zote mbili ni uleule: fedha inakuja kwa mkupuo mmoja, orodha ya majina inakuja kando, na jumla zake zikipishana ni lazima ajulikane ambaye hakukatwa. Kuhusu hilo, mhasibu wa AMCOS ni shahidi mzuri. Wenye maduka nao wanaweza kueleza kama mafundi hufika mfumo unapokwama, na kama nakala rudufu iliwahi kurejeshwa ikafanya kazi.

Linabaki pengo ambalo hakuna kati ya hawa watatu anayeweza kulijaza, nalo ni riba na wadhamini wa mikopo. Chukua mkopo wa shilingi 1,200,000 kwa miezi 12, riba asilimia 1 kwa mwezi, na mtaji unarejeshwa shilingi 100,000 kila mwezi. Riba ikitozwa kwenye salio linalopungua, mwezi wa kwanza ni shilingi 12,000, wa pili 11,000, na kwa mwaka mzima 78,000. Ikitozwa kwenye mkopo wa awali bila kubadilika, ni 12,000 kila mwezi, jumla 144,000. Tofauti ni shilingi 66,000 kwa mwanachama mmoja. Mfumo uliozaliwa dukani unaweza kukosea hapa bila yeyote kugundua hadi mwanachama alete malalamiko. Hofu ya bodi ina msingi, na barua ya sifa kutoka dukani haiigusi.

Pengo hilo hujazwa kwa jaribio. Omba mikopo kumi ambayo SACCOS imekwisha kuikokotoa, ichaguliwe na mhasibu wao, si na wewe, tena iwe ile migumu: aliyelipa kabla ya muda, ambaye makato yake hayakuja miezi miwili, aliyeongeza mkopo juu ya mkopo, na ambaye mdhamini wake amejitoa uanachama. Majina yaondolewe, zibaki namba tu, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu wanachama hao. Ingiza mikopo hiyo kwenye mfumo mbele ya mhasibu, kisha linganisha salio moja moja na leja yao. Tofauti ikitokea, itafutwe chanzo chake hapohapo. Mara nyingine kosa liko kwenye mfumo, mara nyingine kwenye leja. Vyovyote iwavyo, bodi imekuona ukifanya kazi.

Hofu ya tatu, ya kuaminika, hujibiwa na ukweli wa barua yenyewe. Barua ya majibu basi iwe na maneno ya namna hii: “Hatujafunga mfumo huu kwenye SACCOS yoyote. Kuhusu makato ya wanachama, mnaweza kumuuliza mhasibu wa AMCOS tunayoihudumia. Kuhusu huduma baada ya mauzo, waulizeni wateja wetu wawili wenye maduka. Kuhusu riba na wadhamini, tunaomba mtupime kwa mikopo kumi mtakayoichagua wenyewe.”

4. Hoja za kupinga

Wapo wanaosema kukiri hivyo ni kujifukuza mlangoni. Baadhi ya bodi zitakataa kweli, na hilo tulikubali. Lakini njia mbadala inayotumika, ya kumpanga rafiki ajifanye mteja, haidumu. Swali moja tu, kama mwaka jana mlifunga hesabu kwa mfumo huu na urari ukakubali, humfanya asiyeutumia ababaike. Wengine husema jaribio ni kazi ya bure. Litakuwa hivyo usipoliwekea mipaka. Mikopo kumi si kuhamisha data ya chama kizima. Kuendesha mfumo sambamba na leja kwa mwezi kuje baada ya mkataba, kwa malipo, na kukiwa na kifungu cha kujitoa. Palipo na sharti rasmi la zabuni kuhusu kazi zinazofanana, ushauri huu haufiki. Hapo soma nyaraka kama zinaruhusu ubia na kampuni yenye uzoefu, na kama haziruhusu, usipoteze muda.

5. Mapendekezo

(a) Idadi ya wateja itajwe ilivyo, kwenye sentensi ya kwanza ya jibu.

(b) Hofu tatu zitenganishwe, kila moja ipewe shahidi wake.

(c) Kufanana kutafutwe kwenye ugumu wa kazi, si kwenye jina la taasisi.

(d) Mteja wa zamani aombwe ridhaa kabla namba yake haijatolewa, na aelezwe ataulizwa nini.

(e) Jaribio litumie mikopo iliyochaguliwa na mteja, majina yakiwa yameondolewa.

(f) Mipaka ya jaribio iandikwe kabla halijaanza.

(g) SACCOS ya kwanza ikipatikana, mkataba useme kwamba baada ya kufunga hesabu za mwaka itakubali kuulizwa na wengine, na iwe huru kusema mabaya pia.

(h) Vyama vya ushirika navyo vibadili swali: badala ya kudai majina matatu pekee, vidai pia jaribio la mikopo.

(i) Narudia: asitajwe mteja asiyekuwepo.

6. Hitimisho

Pendekezo la (h) linawahusu viongozi wa vyama walioko katika semina hii. Orodha ya majina inaonyesha mfumo ulifaa kwingine. Mikopo kumi kutoka kwenye leja yenu itaonyesha kama unawafaa ninyi. Nawaomba mlidai jaribio hilo hata kwa kampuni yenye marejeo mengi.