Mnyoo wa Jicho: Kabla ya Dawa, Damu Ihesabiwe



Wapo wenyeji wa kaunti hii waliofanya kazi Kongo, Kameruni, Gaboni au kusini mwa Sudan Kusini, na wengine bado wako huko. Maelezo ya leo yanahusu mnyoo anayepatikana katika misitu ya nchi hizo. Hapa Kenya haambukizwi, lakini anaweza kufika nyumbani akiwa ndani ya mwili wa msafiri na kujitokeza miaka mingi baadaye.

Jina lake ni Loa loa. Ni mwembamba kama uzi wa kushonea, na jike hufikia urefu wa sentimita 4 hadi 7. Huenezwa na pange, yule nzi mkubwa anayeuma mchana. Pange wa msituni hukaa juu mitini na huvutwa na moshi wa kuni, ndiyo maana huwashambulia sana wakata miti na wapishi wa kambini. Anapomng'ata mtu, mabuu ya mnyoo huingia kupitia kidonda. Huchukua miezi kadhaa kukua, kisha mnyoo hutembea chini ya ngozi. Anaweza kuishi zaidi ya miaka 10.

Chukueni mfano wa fundi wa mbao aliyekaa miaka mitatu katika msitu wa kusini mwa Kameruni, kisha akarudi nyumbani. Dalili ya kwanza si jicho. Kifundo cha mkono kinavimba ghafla na kuwasha, kisha uvimbe unaisha wenyewe baada ya siku chache. Mwezi unaofuata unatokea kwenye kiwiko. Uvimbe huu unaohama huitwa uvimbe wa Kalaba, kutokana na mji wa Calabar nchini Nijeria. Fundi anadhani ni mzio wa chakula, anameza vidonge vya kuwasha na kuendelea na kazi.

Kisha jioni moja anahisi kitu kinatambaa jichoni. Mkewe anamulika tochi na kuona uzi mweupe ukijipinda chini ya utando mwangavu unaofunika weupe wa jicho. Hapo ndipo ugonjwa unapotambulika bila shaka kubwa, kwa sababu ute au mshipa wa damu hautembei. Mnyoo hupita kwa dakika chache, pengine hadi saa moja, halafu hutoweka. Mgonjwa anaweza kufika kliniki akaambiwa hakuna kitu. Kwa hiyo mkewe afanye jambo moja la maana sana: apige video kwa simu. Video hiyo ni ushahidi tosha wa kumwonyesha daktari.

Jambo hili linatisha kulitazama, lakini mnyoo anayepita hapo kwa kawaida haharibu uwezo wa kuona. Asisuguliwe, asichokorwe kwa sindano, wala jicho lisitiwe dawa za kienyeji. Hayo ndiyo yanayoleta kidonda na upofu.

Iwapo mnyoo bado anaonekana mgonjwa anapofika kwa daktari wa macho, anaweza kutolewa. Daktari hutia matone ya ganzi, kisha humbana mnyoo kwa kibano pamoja na utando ulio juu yake ili asikimbie. Hukata tundu dogo kwenye utando, humshika mnyoo kwa kibano cha pili na kumvuta polepole mpaka atoke mzima. Kazi hiyo huchukua dakika chache tu. Akishachelewa, mnyoo huzama ndani, na daktari mwenye busara hamfuati huko. Aliyetolewa huhifadhiwa kwenye chupa na kupelekwa maabara, kwa kuwa wapo minyoo wengine, wakiwemo wa mbwa, wanaoweza kuingia jichoni.

Wengi hufikiri shughuli imeishia hapo. La hasha. Aliyetolewa ni mmoja, na wenzake wanaweza kuwa wamebaki mwilini. Minyoo hao huzaa vijinyoo vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyoogelea kwenye damu. Vijinyoo hivyo ndivyo vinavyoamua kama dawa itaponya au itaua.

Vijinyoo hivyo hujaa damuni mchana, wakati pange wanapouma, na usiku hujificha mapafuni. Kwa hiyo damu hutolewa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, ikahesabiwa kwa hadubini. Ikichukuliwa jioni, maabara inaweza kusema hakuna kitu ilhali vimo. Hata damu ya mchana ikiwa safi, kama mnyoo alionekana jichoni ugonjwa upo. Wageni waliokaa msituni muda mfupi mara nyingi huwa na uvimbe mwingi na vijinyoo vichache au hakuna kabisa.

Tuseme fundi wetu ana vijinyoo 400 katika mililita moja ya damu, yaani kama matone 20. Hiyo ni hesabu ndogo. Daktari, baada ya kuhakikisha pia kwamba hana usubi, ugonjwa wa upofu wa mtoni, humpa dawa ya DEC mara tatu kwa siku kwa siku 21, akianza na kiasi kidogo. DEC huua vijinyoo na minyoo wakubwa. Katika siku za mwanzo anaweza kuwashwa na kuvimba. Hilo hutarajiwa na hutibiwa. Wengine huhitaji kurudia dozi.

Lakini kama hesabu yake imepita 8,000, DEC haitolewi kwanza. Vijinyoo vingi vikifa kwa pamoja, mishipa midogo ya ubongo inaweza kuathirika, na mgonjwa akachanganyikiwa, akapoteza fahamu, hata akafa. Hatari hiyo iko pia kwa ivermektini, hasa hesabu inapozidi 30,000. Mtu wa namna hiyo hupewa kwanza albendazoli, mara mbili kwa siku kwa siku 21, ili idadi ishuke taratibu, kisha damu hupimwa upya.

Haya si mambo ya kubuni. Huko Okola, Kameruni, mwaka 1999 ivermektini iligawiwa kwa ajili ya usubi, na baadhi ya waliokuwa na Loa loa nyingi waliugua vibaya, wengine wakafa. Watu waliikataa dawa kwa miaka mingi. Mwaka 2015 wataalamu walirudi na hadubini ndogo inayotumia kamera ya simu. Walipima tone la damu la kila mmoja na kuwaondoa wenye vijinyoo zaidi ya 20,000. Kati ya watu 16,259 waliopimwa, waliozuiwa kwa sababu hiyo walikuwa 340 tu. Waliotibiwa hawakupata madhara hayo ya ubongo.

Hapa ndipo jambo hili linapotugusa. Ivermektini hutolewa kwa upele, na pamoja na DEC imewahi kugawiwa Pwani kukinga matende na mabusha. Kwa mkazi ambaye hajawahi kuishi katika misitu hiyo, maelezo haya si sababu ya kukataa dawa hizo. Lakini aliyewahi kulala huko, hata kama ni miaka 10 iliyopita, amwambie mgawaji wa dawa kabla ya kumeza, aeleze nchi aliyokaa na muda aliokaa, na aombe damu ipimwe mchana. Asiyetaja safari yake hatashukiwa na mtu.