Kadi Nzima Inapokataliwa: Duka la Mtandaoni na Kanuni Zake Lenyewe

Tuchukue mfano wa mteja wa Ruwi, Maskati, anayeagiza doti mbili za kanga kutoka duka la mtandaoni lililosajiliwa Marekani. Salio analo, na namba za kadi ameziandika sawasawa. Skrini inamjibu kuwa malipo yamekataliwa, huku simu ikimletea ujumbe wa benki kwamba fedha zimekatwa. Anajaribu tena, na tena. Sasa fedha zake zimezuiliwa mara tatu, na kanga hana.

Mwenye duka ataitupia lawama benki. Rekodi zinasema vingine.

Kwa duka linalopokea malipo kupitia Stripe, jambo la kwanza ni kusoma sehemu iitwayo `network_status`. Ikiwa `declined_by_network`, benki ya mteja ndiyo iliyokataa. Ikiwa `not_sent_to_network`, ombi halikufika benki kabisa. Kwa mteja wetu imeandikwa `reversed_after_approval`: benki ilikubali, kisha malipo yakabatilishwa kwa kanuni ya duka. Ndiyo maana ujumbe wa makato ulimfikia. Fedha hizo hurudi, lakini huenda zikachukua siku kadhaa.

Kanuni yenyewe ni hii:

```
Block if :address_zip_check: != 'pass'
```

Inazuia kila malipo ambayo msimbo wa posta haukuthibitishwa. Tatizo ni kwamba ukaguzi huo unategemewa hasa Marekani, Kanada na Uingereza. Kwingineko benki nyingi haziufanyi, na jibu linalorudi ni `unavailable`. Duka limemhesabu mtu ambaye hakukaguliwa kuwa sawa na aliyedanganya, na hilo ni kosa la kumfukuza mnunuzi halali mlangoni. Dawa yake ni fupi:

```
Block if :address_zip_check: = 'fail'
```

Kwa kuwa jibu la ukaguzi huo hurudi baada ya benki kuidhinisha, kwa kadi za nchi ambako haufanywi duka liombe mapema uthibitisho wa 3D Secure, ambapo benki ya mteja humhoji yenyewe, mara nyingi kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu. Akithibitishwa, hasara ya ulaghai kwa kawaida huhamia benki hiyo.

Misimbo ya benki nayo isomwe kwa utaratibu huohuo. 51 ni salio pungufu, 54 ni kadi iliyoisha muda, 43 ni kadi iliyoibwa. Hapa hakuna kanuni ya kulegeza. Msumbufu ni 05: benki inakataa bila kutaja sababu. Zikirundikana 05 za nchi moja kwenye malipo yasiyopitia 3D Secure, inafaa kuuomba uthibitisho huo kwa kadi za nchi hiyo na kuona kama zinapungua.

Baada ya kulegeza kanuni, wiki moja ya utulivu haitoshi kutoa hukumu. Kwa Visa na Mastercard, madai ya ulaghai yanaweza kuja hadi siku 120 baada ya malipo. Kwa hiyo oda zilizopita kwa kanuni mpya ziwekewe alama tangu siku ya kwanza, zihesabiwe peke yake, na madai yake yalinganishwe na ya oda nyingine muda huo ukiisha.