Ngazi ya Zege: Hesabu ya Mifuko ya Saruji Kabla ya Siku ya Kumwaga

Wakazi wa kaunti mnaojenga nyumba za ghorofa,

Ngazi humwagwa zege kwa siku moja, kutoka kipandio cha chini hadi cha juu. Saruji ikiisha katikati, fundi hubaki na njia mbili, zote mbaya: kuongeza mchanga ili ile iliyobaki ifike, au kuacha kazi hadi kesho na kupata kiungo dhaifu mahali pasipopangwa. Kwa hiyo idadi ya mifuko ijulikane mapema, na mwenye nyumba anaweza kuihesabu mwenyewe akiwa na mchoro mkononi.

Tuchukue ngazi ya kawaida ya kupanda mita 3. Ina mikono miwili, na jukwaa la kupumzikia katikati. Kila kipandio kina kimo cha sentimita 15 na kikanyagio cha sentimita 30. Upana wa ngazi ni mita 1.2. Kila mkono una vipandio 9, na ukingo wa jukwaa au wa sakafu ya juu ndio hatua ya 10.

Zege la mkono mmoja lina sehemu mbili. Ya kwanza ni slabu ya mteremko, yaani bamba linalolala chini ya vipandio na kubeba uzito wote. Urefu wake hupimwa kwa kufuata mteremko, si sakafuni. Kwa kila kipandio, 30 mara 30 ni 900, na 15 mara 15 ni 225. Jumla ni 1,125, na kipeuo chake cha pili ni karibu sentimita 33.5. Vipandio 9 vinatoa mita 3.02. Unene ukiwa sentimita 15, hesabu ni 3.02 × 0.15 × 1.2, yaani mita za ujazo 0.54.

Sehemu ya pili ni vipandio vyenyewe. Ukikitazama kipandio kwa ubavu, ni pembetatu, si boksi. Kwa hiyo ni nusu ya 0.15 × 0.30, mara upana wa 1.2, sawa na 0.027. Vipandio 9 ni 0.24. Wanaosahau kugawa kwa mbili huzidisha saruji ya ngazi hii kwa takribani mifuko 4.

Mkono mmoja basi ni 0.78, na miwili ni karibu 1.57. Jukwaa la mita 2.5 kwa 1.2, lenye unene wa sentimita 15, ni 0.45. Jumla ni mita za ujazo 2.02. Ongeza asilimia 5 ya kumwagika na kubaki kwenye mbao, upate 2.12.

Sasa uliza mchanganyiko. Zege la 1:1.5:3, yaani saruji kipimo kimoja, mchanga kimoja na nusu na kokoto vitatu, hula karibu mifuko 8 ya kilo 50 kwa kila mita ya ujazo. Ngazi hii itataka mifuko 17, na ni vyema kununua 18. Kwa 1:2:4 ni mifuko 6.3 kwa mita, kwa hiyo 14 inatosha. Ndiyo maana mafundi wawili wanaweza kutaja idadi mbili tofauti bila yeyote kudanganya. Mchanganyiko wa kutumia ni ule ulioandikwa na mhandisi kwenye mchoro, si ule wenye bei nafuu.

Lipo kosa moja ambalo hesabu haionyeshi. Unene wa slabu ya mteremko hupimwa kwa pembe mraba na mteremko. Fundi akisimamisha futi wima na kusoma sentimita 15, slabu halisi itakuwa na sentimita 13.4 tu. Kwa mikono yote miwili, saruji inayookolewa hapo ni takribani mfuko mmoja, lakini slabu inayobeba familia nzima imepungua zaidi ya sehemu moja kwa kumi.

Kabla ya zege kumwagwa, weka skwea juu ya mbao za chini ya mteremko, kisha upime kutoka mbao hizo hadi pembe ya ndani ya kipandio, pale kikanyagio kinapokutana na kimo cha kipandio kinachofuata. Hapo ndipo slabu ni nyembamba kuliko kwingine. Pima chini, katikati na juu. Kipimo kikiwa pungufu, mbao zirekebishwe siku hiyo hiyo, kwani zege likishakauka hakuna mfuko wa ziada utakaorudisha unene huo.