Mkaa na Gesi ya Mtungi
Leo tupime mkaa na gesi. Mkaa tuuchukulie kama kaboni tupu, gesi kama propani.

Joto la uundaji la kaboni ni 0, kaboni dioksaidi −393.5 kilojuli kwa moli, maji −285.8, propani −103.8. Moli 1 ya propani, yaani gramu 44, huzaa moli 3 za kaboni dioksaidi na 4 za maji: jumla −2,323.7. Toa −103.8, joto linalotoka ni kilojuli 2,220. Hiyo ni 50 kwa gramu. Mkaa, 393.5 kwa gramu 12, hutoa 33.

Kwa kila moli ya kaboni dioksaidi, propani hutoa 740, mkaa 393.5 tu, kwani hidrojeni ya propani huungua ikawa maji. Jikoni maji hayo hupaa kama mvuke, hivyo gesi hubaki na 46 kwa gramu. Bado inaushinda mkaa.